Kijani cha Kibaigwa na Bei ya Unga Kariakoo

(Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani)

Wiki hii nianze na jambo lililonikuta Kariakoo, katika duka la nafaka la dada mmoja anayeuza mahindi, maharage na unga kwa jumla. Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Mbele ya duka lile walikuwa wanabishana madereva wawili wa malori, wote wametoka Dodoma wiki hiyo hiyo. Wa kwanza alisema Kongwa yote ni kijani na mwaka huu mahindi yatakuwa ya kumwaga. Wa pili aliapa kwamba mahindi aliyoyaona yanafika magotini tu, na kwamba watu wajiandae.

Yule dada akanigeukia. “Mzee, wewe unayesoma magazeti, nimwamini nani? Nikinunua magunia sasa, bei ikashuka Juni, nimekwisha. Nisiponunua, ikapanda, wateja wangu watanikimbia.”

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Lakini swali lake lina njia ya kujibiwa, na leo nataka tuitazame njia hiyo polepole. Madereva wale wote wawili hawakuwa waongo. Kila mmoja aliona alichokiona kutoka barabarani, siku moja, upande mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama mashamba yote kwa pamoja, kila baada ya siku chache, akakumbuka pia yalivyokuwa mwaka jana na miaka ishirini iliyopita. Mtazamaji huyo yupo angani, nayo ni satelaiti.

Jozi moja ya satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 786. Hupita juu ya eneo hili letu saa tano kasoro dakika chache asubuhi, wakati watu wa Posta wanafikiria chai ya pili, na kwa kushirikiana hurudi mahali pale pale kila baada ya siku tano. Haioni mahindi kama wewe na mimi tunavyoyaona. Inapima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, na kuugawa ardhi hiyo katika viraba vya mita 10 kwa 10. Shamba la eka moja ni viraba kama 40 hivi.

Sasa sikiliza siri ya jani. Jani lenye afya linahitaji mwanga ili kujitengenezea chakula, na mwanga linaoupenda sana ni ule mwekundu. Linaumeza karibu wote. Lakini upo mwanga mwingine, jirani wa mwekundu, usioonekana kwa macho yetu, ambao wataalamu wanauita infraredi. Huo jani halina kazi nao, hivyo linaurudisha kwa wingi angani. Kwa hiyo, jani lililonawiri linarudisha mwekundu kidogo na infraredi nyingi. Jani likisinyaa kwa kiu, mwekundu unaorudishwa huongezeka na infraredi hupungua. Udongo mtupu nao hurudisha vyote viwili kwa viwango visivyopishana sana.

Wataalamu wakachukua tofauti hiyo wakaifanyia hesabu rahisi. Toa mwekundu kutoka kwenye infraredi, kisha gawa kwa jumla ya vyote viwili. Tuseme kiraba cha mahindi mazuri kimerudisha asilimia 8 ya mwanga mwekundu na asilimia 40 ya infraredi. Tofauti ni 32, jumla ni 48, na 32 kwa 48 ni kama 0.67. Kiraba cha udongo mkavu kimerudisha asilimia 20 ya mwekundu na 28 ya infraredi. Tofauti ni 8, jumla ni 48 vilevile, na jibu ni 0.17. Namba hiyo ndiyo fahirisi ya mimea, ambayo kwenye ramani utaiona imeandikwa NDVI. Maji hutoa namba iliyo chini ya sifuri, udongo na mabati hukaa karibu na 0.1 au 0.2, na mazao yaliyofunga shamba hupanda hadi 0.7 au 0.8. Ukiitazama Dar es Salaam kwa namna hiyo, mapaa ya Kariakoo hayabadiliki sana, iwe masika au kiangazi, lakini viwanja vya Mnazi Mmoja na Bustani ya Mimea vinajitokeza kama visiwa.

Mtu anaweza kudhani kazi imekwisha. Tuichungulie Kongwa leo, tusome namba, tumwambie yule dada anunue au asinunue. La hasha. Namba moja ya siku moja haisemi lolote la maana, na Kongwa yenyewe ni shahidi wa hatari ya kutazama mara moja. Mwaka 1946 Waingereza walituma tume ya kuchunguza wapi karanga zingeweza kulimwa kwa wingi katika Afrika Mashariki. Tume ile ilizunguka kwa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka kwenye ndege. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Vichaka vikang’olewa kwa matrekta, kisha mvua zikawa haba, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Waliiona ardhi kutoka juu, lakini hawakuiona ikibadilika msimu baada ya msimu, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii hawaulizi tu namba ya leo ni ngapi. Wanaipanga kila namba ya kila siku kumi kwenye grafu moja, kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo grafu yake ina kilima kimoja. Novemba mstari uko chini, umelala, ardhi ni kavu. Mvua ikinyesha, kijani hakitokei siku hiyo. Huchukua wiki mbili hadi nne ndipo mstari uinuke, maana mbegu lazima iote na majani yafungue. Januari mstari unapanda kwa kasi. Kati ya Februari na Machi unafika kileleni, wakati mahindi yanatoa mbelewele na ndevu. Halafu unashuka polepole, kwa kuwa mahindi yanakomaa na mabua yanageuka rangi. Kushuka huko si ugonjwa, ni uzee wa kawaida. Asiyejua kalenda ya mkulima anaweza kuona mstari unashuka Mei akapiga mayowe ya njaa, kumbe watu wanakaribia kuvuna.

Kumbukumbu za namna hii zimewekwa tangu 1981, zilipoanza kutumiwa satelaiti za hali ya hewa za Marekani, na zikawa bora zaidi kuanzia mwaka 2000 kwa chombo kiitwacho MODIS. Kwa hiyo kwa kila wilaya tunaweza kuchora mstari wa wastani, yaani kilima cha mwaka wa kawaida, kisha tukauweka mstari wa mwaka huu juu yake. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Hebu turudi kwenye swali la dada yetu. Namba nitakazozitaja nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, lakini umbo lake ndilo ambalo mtu hukutana nalo katika nchi kavu kama Kongwa. Tuseme wastani wa tarehe 20 Januari ni 0.48, na mwaka huu tumepata 0.36. Ni robo tatu tu ya kawaida. Ramani inapakwa rangi nyekundu, na redio zinatangaza ukame. Je, ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, na inaweza isiwe. Ziko hadithi mbili zinazofika kwenye 0.36 ile ile. Katika hadithi ya kwanza, mvua ilichelewa. Badala ya kupanda katikati ya Desemba, wakulima walipanda Januari. Mahindi ni mafupi kwa sababu ni machanga, si kwa sababu yana kiu. Katika hadithi ya pili, mvua ilikuja kwa wakati, wakulima wakapanda, mahindi yakaota vizuri, kisha mbingu zikafunga. Mahindi ni mafupi kwa sababu yamedumaa. Dereva anayepita barabarani atayaona yote mawili yanafika magotini, na satelaiti siku hiyo moja itatoa namba moja.

Kinachozitenganisha ni siku ishirini zinazofuata. Tarehe 10 Februari, wastani ni 0.57. Katika mwaka wa kuchelewa, mstari umepanda hadi 0.50. Bado uko chini ya wastani, lakini mteremko wake ni mkali kama wa mwaka mzuri, na pengo linaziba. Ukiusogeza mstari huo nyuma kwa wiki tatu, unalala juu ya wastani kama nguo juu ya kipimo chake. Katika mwaka wa ukame, mstari ulifika 0.42 mwisho wa Januari, ukageuka, na tarehe 10 Februari uko 0.40. Kilima kimekatika kabla ya kufika kileleni. Huo ndio mwaka wa kuogopa, kwa sababu mahindi ya Desemba yanachanua Februari, na kiu ya wakati huo ndiyo mbaya kuliko zote. Mahindi yakikosa maji katika wiki mbili au tatu za mbelewele na ndevu, gunzi hutoka na mapengo, hata mvua ikija baadaye.

Hivyo jibu la haki kwa yule dada, mwishoni mwa Januari, lingekuwa hili: dada, subiri siku kumi, kisha kumi nyingine. Usitazame kimo cha mstari, tazama unaelekea wapi.

Hata mwaka wa kuchelewa nao si wa kulala usingizi. Mahindi yaliyopandwa katikati ya Januari yanachanua katikati ya Machi na kujaza punje hadi Aprili. Mvua ya Kongwa haimsubiri mtu. Mara nyingi Aprili inaondoka. Kwa hiyo katika mwaka kama huo jicho linahamia upande wa pili wa kilima. Mstari ukishuka taratibu, punje zimejaa. Ukiporomoka ghafla mwanzoni mwa Aprili, mahindi yamekauka kabla ya wakati, na gunia litakuwa na punje nyepesi.

Sasa, ndugu msikilizaji, nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Fahirisi hii ina udhaifu wake, na anayeitumia bila kuujua atapotea kwa kujiamini.

Udhaifu wa kwanza ni mawingu. Msimu tunaohitaji kuona ndio msimu wenye mawingu mengi, na wingu hushusha namba hata kama chini yake kuna mahindi mazuri. Dawa inayotumika ni kukusanya picha za siku kumi au kumi na sita, na kwa kila kiraba kuchagua namba iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa siku ya anga safi. Lakini wingu likikaa siku zote hizo, dawa haifanyi kazi. Utalitambua hilo kwa kuona mstari umetumbukia mara moja kisha umerudi juu siku kumi zilizofuata. Mimea haifi na kufufuka kwa kasi hiyo, na tumbukizo la namna hiyo ni la kupuuza.

Udhaifu wa pili ni kwamba satelaiti inaona kijani, haijui ni kijani cha nani. Kiraba cha MODIS ni mita 250 kwa 250, zaidi ya eka kumi na tano. Ndani yake mna shamba la mahindi la mzee mmoja, alizeti za jirani yake, njia ya ng’ombe na kichaka. Kule pwani, kiraba kimoja kinachanganya muhogo, minazi, mikorosho na miembe. Miti ile haiogopi ukame wa mwezi mmoja, hivyo mstari unakaa juu kwa raha wakati muhogo chini yake unanyauka. Ubaya mwingine unakuja mwaka wa ukame wenyewe. Mahindi yakishakufa Februari, mvua ya Machi huotesha magugu, na mstari unapanda tena. Aliye ofisini atasema shamba limepona, naye mkulima amekwisha kulitelekeza. Ndiyo maana kabla ya kusoma mstari hutumika ramani ya kuchuja mashamba kutoka kwenye misitu na mapori, na ndiyo maana mtu wa ugani aliyeko kijijini hana mbadala. Simu moja kutoka kwake kusema “hayo ni magugu” ina thamani kuliko picha kumi.

Udhaifu wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Satelaiti inaona majani, na sisi tunakula punje. Katika nchi zenye mvua nyingi kama Rungwe, majani yakishafunga shamba, namba inagota kwenye 0.8, na mahindi mazuri na mazuri sana yanaonekana sawasawa. Viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017, huchimba ndani ya moyo wa mhindi na kuharibu zao huku majani ya nje bado ni kijani. Mstari unaweza kukuambia kwamba msimu umeharibika. Hauwezi kukuhakikishia kwamba ghala litajaa.

Pamoja na hayo yote, pale msimu unapokatika kweli, ishara huwa wazi. Chukua mikoa ya Tanga, Kilimanjaro na pwani yetu hii. Huko hakuna kilima kimoja bali viwili, cha vuli kuanzia Oktoba na cha masika kuanzia Machi. Mwaka 2016 mvua za vuli zilikuwa chache mno, hapa kwetu, Kenya na Somalia. Katika mwaka kama ule, kilima cha kwanza hakijengeki. Mstari unaburuzika chini Novemba na Desemba, wakati ulipaswa kuwa unapanda. Mwanzoni mwa 2017 bei ya mahindi ilikuwa juu, na mlaji wa sembe hapa mjini akauona mfukoni mwake ukame ambao hakuuona kwa macho. Linganisha na vuli ya 2019, mvua zilipozidi hadi mito ikafurika. Kijani kilitapakaa hata kwenye mapori makavu, ingawa mashamba ya mabondeni mengine yalizama. Namba kubwa ya mwaka ule nayo haikumaanisha mavuno mema kwa kila mtu.

Na ishara hiyo inaweza kutumika kuokoa watu, si kutabiri bei tu. Jirani zetu wa Uganda waliweka utaratibu katika eneo kavu la Karamoja kwamba fahirisi ya mimea ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa mapema, fedha za kazi za muda kwa wananchi zinatolewa bila kungoja mkutano wala barua. Mwaka 2017 kiwango kilivukwa, fedha zikatoka, na msaada ukawafikia watu wapatao 150,000. Siri ya jambo lile ilikuwa kwamba kiwango kilikubaliwa watu wakiwa bado wametulia. Ukingoja hadi watoto wakonde ndipo ubishane juu ya namba, namba haina kazi tena.

Tumalizie pale tulipoanzia. Nilirudi kwa yule dada wiki mbili baadaye, nikiwa na grafu niliyoipata kwenye kurasa za Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, ambalo huchapisha ramani za mimea kila siku kumi bila malipo. Mstari wa wilaya ulikuwa chini ya wastani, lakini ulikuwa unapanda kwa kasi. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akautazama kwa muda, akaweka kidole kwenye ncha ya mstari, akaniuliza: “Kwa hiyo hapa wamechelewa, hawajakosa?”

Nikamwambia ndivyo inavyoonekana, ila Aprili ndiyo itakayosema. Akampigia simu mtu wake wa Kibaigwa, akamwuliza swali moja tu: mahindi yamepandwa lini? Jibu likaja: wengi walipanda Januari. Hapo dada akaamua kununua magunia nusu ya aliyokuwa ameyakusudia, na fedha iliyobaki akaiweka ikisubiri Aprili.

Sijui somo bora kuliko hilo. Hakuiamini satelaiti peke yake, wala hakumwamini dereva peke yake. Aliuliza mstari unaelekea wapi, ukilinganishwa na mwaka gani, na nani aliyeko shambani wa kuthibitisha. Wakati mwingine utakapoona gazetini ramani iliyopakwa nyekundu, ndugu msikilizaji, nawe uliza hayo matatu kabla ya kukimbilia dukani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.